Kumfundisha mtu nusu siku, au nimalize mwenyewe kwa saa moja na nusu?

"Habari mtaalamu. Nimepandishwa kuwa meneja miezi minne iliyopita, nina watu sita chini yangu, kabla ya hapo nilikuwa mwenzao na kusema kweli mimi ndio nilikuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Kila mtu ananiambia gawa kazi, gawa kazi. Nimejaribu. Ripoti ya oda ya kila Alhamisi nilimpa dada mmoja, akakaa nayo siku nzima, ikaja na jumla mbovu, ikabidi niirudie usiku. Mimi hiyo ripoti naimaliza kwa saa moja na nusu, kumfundisha mtu ni nusu siku. Natoka ofisini saa tatu usiku lakini angalau kazi inatoka imenyooka. Sasa kosa liko wapi kufanya mwenyewe kama mwenyewe ndio haraka?"

Ndugu yangu, nianze na kitu ambacho wengi hawatakukubalia: kwenye hiyo Alhamisi moja uko sahihi kabisa. Wewe ni haraka, na Alhamisi ijayo utakuwa haraka, na ile inayofuata pia. Anayekwambia ukigawa kazi leo utapumua kesho anakudanganya, na ndio maana mameneja wapya wengi wanajaribu mara moja, wanaungua, wanarudi kufanya kila kitu wenyewe. Na sitakutajia ile methali ya kidole kimoja na chawa, najua umeshaambiwa mpaka umechoka.

Shida ninayoiona iko sehemu mbili. Ya kwanza ni saa unayoangalia, maana unapima Alhamisi moja wakati hiyo kazi inarudi kila wiki, tena unapima mikono yako inachukua muda gani na sio kazi inakaa muda gani ikikusubiri. Ya pili ni kile ulichomkabidhi huyo dada, nina wasiwasi ulimpa faili tu, hukumpa kazi yenyewe. Twende moja moja.

Chukua kalamu tupige hesabu ya ripoti yako. Dakika 90 kila wiki, tuseme wiki 50 za kazi kwa mwaka, hizo ni saa 75 zako. Sasa fundisha. Weka saa 2 za kuandaa maelekezo, hiyo inafanyika mara moja. Wiki ya kwanza mnakaa pamoja saa 3. Wiki ya pili anafanya mwenyewe, wewe unakagua na kuongea naye saa 1. Ya tatu dakika 45, ya nne dakika 30, kuanzia ya tano unapitia dakika 10 tu. Ukijumlisha muda wako peke yako, wiki ya kwanza umetumia dakika 300 mahali pa 90, hasara kubwa kweli, na hapo ndipo watu wengi wanapoacha. Mwisho wa wiki ya nne umetumia 435 na kama ungefanya mwenyewe ingekuwa 360, bado una hasara. Mwisho wa wiki ya tano ni 445 kwa 450. Umevuka. Kuanzia hapo kila wiki inakurudishia dakika 80, na mwaka ukiisha umetumia kama saa 15 badala ya 75. Saa 60 hizo, kwa ripoti moja tu.

Ona kwamba hasara yote imekaa mwanzoni, imerundikana ndani ya wiki nne ambazo kwa kawaida wewe una presha kuliko kawaida, halafu faida inakuja kidogo kidogo, dakika 80 hapa, 80 pale, hata huisikii. Kwa hiyo mwili wako unakwambia "hii kitu haifai" na mwili hausemi uongo, unasema tu habari za mwezi wa kwanza.

Sasa niwe mkweli upande wa pili. Huyo dada hata akizoea anaweza kutumia saa mbili au mbili na nusu kwa kazi ambayo wewe unamaliza kwa moja na nusu. Kwa jumla ya masaa ya ofisi ripoti imekuwa ghali zaidi, sio rahisi. Ni kweli, na haibadilishi jibu, kwa sababu swali sio nani ana mkono mwepesi, swali ni hizo dakika 80 zako zingefanya nini ambacho yeye hawezi kukifanya. Hili wachumi walilimaliza zamani, David Ricardo mwaka 1817 alionyesha kwa mfano wa Ureno na Uingereza kwamba hata kama nchi moja inatengeneza nguo na divai zote mbili kwa nguvukazi ndogo kuliko mwenzake, bado inafaidika ikikazana na ile iliyo bora zaidi na nyingine ikanunua. Wewe ni Ureno hapo. Unaweza kuandaa ripoti kumzidi, ila kuna vitu kama kuongea na bosi wako kuhusu bajeti, kukaa na yule kijana anayetaka kuacha kazi, kugundua kwamba oda zinachelewa kila mwisho wa mwezi na kutafuta kwa nini, hivyo yeye hana hata nafasi ya kuvifanya. Kama hizo dakika 80 utazitumia kujibu meseji basi kweli bora ubaki na ripoti yako.

Na kazi inayotokea mara moja kwa mwaka, ya dakika 90, usimfundishe mtu. Fanya, maliza, endelea. Hesabu yote inategemea itarudi mara ngapi.

Tuje kwenye saa ya pili, ile ya kazi kukaa ikikusubiri, ambayo kwa maoni yangu ndio inayokuumiza zaidi na ndio huioni kabisa. Una watu sita. Kila mmoja anakuletea vitu, barua ya mteja uipitie, bei uiidhinishe, oda ina utata uamue. Tuseme kila kimoja kinakula dakika 20 zako kwa wastani. Wewe unaona dakika 20, unasema haraka. Yule aliyeleta anaona muda tangu alipokuletea mpaka alipopata jibu, na huo ni mnyama mwingine kabisa.

Kuna hesabu za foleni, zilianza na Mdenmaki mmoja Agner Krarup Erlang mwaka 1909 akiwa anahangaika na simu za Kopenhageni, na ukichukua mfano wake rahisi, yaani mhudumu mmoja, kazi zinaingia bila ratiba, nyingine fupi nyingine ndefu, inatokea hivi. Ukiwa umebanwa nusu ya muda wako, kitu cha dakika 20 kinasubiri wastani wa dakika 20 kabla hujakigusa. Ukiwa umebanwa asilimia 80, kinasubiri dakika 80. Asilimia 90, saa 3. Asilimia 95, zaidi ya saa 6, yaani siku ya kazi imekwisha. Hujapunguza kasi hata kidogo, dakika 20 zako ni zilezile, lakini kutoka 80 mpaka 95 foleni imekuwa karibu mara tano. Ofisi sio mfano wa darasani, kwako namba zitakuwa nyingine, ila umbo ndio hilohilo, ukikaribia kujaa foleni inapaa.

Ndio maana kutoka saa tatu usiku hakumalizi tatizo, unapunguza rundo usiku, asubuhi linajaa tena, maana kila kitu bado kinapita mlango mmoja. Halafu unawaangalia watu wako unasema mbona wanazubaa, kumbe wawili kati yao wameshamaliza sehemu yao tangu asubuhi wanakusubiri wewe. Jaribu hii kesho: andika kwenye karatasi kila kitu kinachokusubiri na siku kilipofika mezani kwako. Usiandike kitachukua dakika ngapi, andika siku kilipofika tu. Ukikuta kitu cha dakika 10 kimekaa siku nne, hapo ndipo "haraka" yako inapoishia.

Haya, sasa ile ripoti mbovu.

Kuna msimamizi mmoja niliwahi kukaa naye, ripoti ya aina hiihii, na yeye analalamika vilevile kwamba alimpa mtu akavuruga. Nikamwambia aifanye mbele yangu huku anaongea kila anachofanya, mimi naandika. Kabla ya kuanza nilimuuliza hatua ni ngapi, akasema tano. Tulipomaliza nilikuwa nimeandika kumi na nne. Kwenye shiti kulikuwa na mistari kama 240, akawa anashuka nayo, ghafla mkono ukafuta mistari tisa bila hata kusimama kuongea. Nikamuuliza hiyo nini, akasema ah hizo ni oda zilizofutwa. Kumbe oda zilizofutwa mfumo ulikuwa unazitoa pamoja na kiasi chake, na ukijumlisha safu nzima unapata jumla iliyozidi. Nikamuuliza ulimwambia yule uliyempa? Akanyamaza. Hakumwambia, na wala hakuficha, ila baada ya miaka miwili ya kufuta hiyo mistari hakuwa anajua tena kwamba anaifuta. Mbele kidogo kukawa na mteja mmoja aliyeandikwa kwa majina mawili tofauti, naye akawa anaunganisha kichwani, jicho linaona moja kwa moja.

Hii ndio kazi inayofanya uwe haraka, ile usiyojiona ukiifanya. Na ndio hiyohiyo mtu mwingine hawezi kuipata kwa kupewa faili na kuambiwa "ni rahisi, angalia ya wiki iliyopita". Ningekuwa mtu wa kuweka dau ningeweka dau kwamba jumla mbovu ya huyo dada ina kitu cha namna hii ndani yake. Kabla hujasema hawezi, rudi kwenye ile ripoti yake, tafuta namba ilipopotea, ujiulize hiyo kanuni aliambiwa lini na nani.

Kwa hiyo Alhamisi ya kwanza fanya hivi. Tengeneza ripoti huku unaongea, yeye ndio aandike hatua, wewe usiandike, maana ukiandika wewe utaruka zilezile unazoruka kila siku. Ataandika kwa maneno yake, na akisimama kukuuliza "hapo umejuaje?" usione anakuchelewesha, hapo ndipo penyewe. Mkimaliza muelewane ripoti nzuri inajulikanaje. Usiseme "iwe safi" au "iwe makini", hayo hayana maana kwa mtu ambaye haoni unachoona. Mpe vitu vitatu anavyoweza kujipima mwenyewe, kwa mfano idadi ya oda kwenye ripoti lazima ilingane na idadi kwenye mfumo ukitoa zilizofutwa, hakuna mteja anayetokea kwa majina mawili, na kama jumla imepanda au kushuka kuliko wiki iliyopita kwa zaidi ya robo, kuna sentensi moja inayoeleza kwa nini. Hapo umempa jicho lako kwa kiasi kinachoandikika, akikuletea ripoti ameshajikagua.

Siku hiyohiyo badilisheni viti, yeye ashike mausi, wewe mikono mapajani. Nakwambia hii ni ngumu kuliko inavyosikika. Atatafuta kitufe ambacho wewe unakiona tangu mwaka juzi, vidole vitakuwasha, utataka kusema "ngoja ngoja nipe hapo". Ukishika tu, umemfundisha kwamba akichelewa sekunde kumi unachukua.

Wiki ya pili afanye peke yake, ila usogeze muda. Kama ripoti inatakiwa Alhamisi saa nne asubuhi, kwako ifike Jumatano saa nane mchana. Hili dogo watu wanalisahau na ndilo linaloua mpango mzima, maana ukimpa mtu mpya kazi yenye muda uleule unaotumia wewe, kosa likitokea hakuna nafasi ya yeye kulirekebisha, lazima ulirekebishe wewe, na hapo mnarudi mwanzo. Nusu siku ya ziada ndio inayofanya kosa liwe somo badala ya moto wa kuzima. Ukikuta kosa usiliguse, mwambie "kipimo cha pili hakijakaa sawa, angalia tena", basi. Asipoliona mara ya pili ndio muonyeshe mahali.

Kitu kingine ambacho lazima ukabidhi pamoja na ripoti ni uamuzi. Akikuta oda haina tarehe, anaruhusiwa kumpigia mtu wa mauzo mwenyewe au lazima aje kwako? Usipomwambia atakuja kwako, na hatakuwa na kosa. Mimi huwa nawaambia mameneja wachague moja kati ya hizi na waitamke kwa mdomo: niletee taarifa niamue mimi, au niletee na pendekezo lako, au amua kisha niambie, au amua tu wala sihitaji kujua. Oda isiyo na tarehe inaweza kuwa "amua kisha niambie". Mteja mkubwa anayelalamika inaweza kuwa "niletee na pendekezo". Ukikaa kimya kila mtu anachukua ile ya kwanza, ndio salama kwake, na ndio inayokujazia foleni. Halafu watangazie na wengine, watu wa mauzo, stoo, hata bosi wako, kwamba ripoti ya Alhamisi maswali yaende kwake, la sivyo wataendelea kukupigia wewe kwa mazoea na wewe utajibu kwa mazoea, na yeye atabaki kuwa mchapaji tu.

Sasa kuhusu kurudia kazi usiku. Hapa naongea kama mtu aliyefanya hilo kosa. Nilipokuwa msimamizi mara ya kwanza kulikuwa na kijana nilimpa ratiba ya zamu aiandae, akaiandaa, haikuwa mbaya, ila sio nilivyotaka, nikaipanga upya nyumbani usiku nikaituma asubuhi kama kwamba ni yake. Nilidhani namstahi. Wiki ya tatu akaleta kitu cha hovyo kabisa, nikamuuliza imekuwaje, akanijibu kwa upole tu, "Bosi, niliona faili limebadilishwa saa tano na dakika arobaini usiku, nikajua utarudia tu." Alikuwa ameacha kujitahidi na alikuwa na akili yake timamu, mimi ndio nilimfundisha kwamba kazi yake ni rasimu ya kwanza ya kazi yangu. Yani nilikuwa natengeneza mwenyewe ule uzembe ambao baadaye nilikuja kuutumia kama ushahidi kwamba hawafai.

Kwa hiyo tofautisha kosa na tofauti. Jumla isiyolingana ni kosa, irudi kwake. Rangi ya jedwali, mpangilio wa safu, yeye anaanza na mteja mkubwa wewe ulianza na tarehe, hiyo ni tofauti, iache ipite hata kama inakukera. Na itakukera.

Kuna mlango mmoja wa nyuma ambao kazi inarudia kwako bila wewe kuona, ni pale mtu anaposimama mlangoni na kusema "bosi hii imenikwama kidogo" na wewe unasema "niachie hapo nitaiangalia". Sekunde nne tu. Yeye anaondoka mwepesi, wewe umeongeza kitu kwenye foleni, na sasa yeye ndiye anayekuulizia wewe umefikia wapi, fikiria hiyo. Badala yake muulize amejaribu nini na anaona njia gani, mpe dakika tano, mwelekeze, lakini karatasi itoke na yeye. Siku za mwanzo watakuona umebadilika, umekuwa mgumu. Waambie wazi kwa nini unafanya hivyo ili wasidhani umekasirika.

Sio kila kitu kinagawika. Tathmini ya mtu, onyo, mishahara, siri za watu, hizo ni zako. Jambo ambalo bosi wako amekukabidhi wewe binafsi kwa sababu ya cheo chako, muulize kwanza kabla hujampa mwingine. Na uwajibikaji haugawiki hata kidogo, ripoti ikitoka mbovu kwa wakubwa, aliyekosea ni wewe, usije ukasema "aliandaa fulani". Ukisema hivyo mara moja tu, hakuna atakayepokea kazi yako tena kwa moyo.

Angalia na wakati wa kuanza. Kama mko katikati ya dharura, usianze leo. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu kubwa pale IBM miaka ya 1960, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa kunauchelewesha zaidi, kwa sababu wale wanaojua wanasimamisha kazi yao ili wawafundishe wanaoingia. Kwako ni hivyohivyo. Siku ya moto fanya mwenyewe, hakuna aibu. Ila kama kila wiki ni dharura kwa miezi minne, hiyo sio dharura tena, ni foleni tuliyoizungumzia, hapo chagua kazi moja ndogo inayojirudia uanze nayo. Moja, usigawe tano kwa mpigo ukajikuta unafundisha watu watano mwezi mmoja, hiyo ile hasara ya mwanzoni inakuja mara tano.

Na kuna kitu nitakisema ila usinichukie. Umeandika ulikuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Ripoti ikitoka safi unajisikia vizuri, ni kazi yenye mwisho, unaifunga unaiona. Umeneja hauna hiyo raha, unaongea na watu siku nzima jioni hujui umefanya nini. Sehemu ya "mwenyewe ni haraka" ni hii, na ni ya kibinadamu kabisa, hata mimi nilibaki na ile ratiba ya zamu mwaka mzima zaidi ya ilivyohitajika kwa sababu nilikuwa naipenda. Jua tu ni ipi inaongea, hesabu au raha.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi, utafute mtu wa kukaa naye uso kwa uso. Kama watu wako sita wote wameshajaa kweli, ukigawa unahamisha tu mlima, nenda kwa bosi wako na karatasi ya wiki mbili inayoonyesha kila kazi na masaa yake, na umuulize nini kiachwe. Kama bosi huyo bado anakupima kwa kazi ya mikono yako, hilo nalo mlimalize kwa mazungumzo, maana utagawa kazi halafu uonekane hufanyi kitu. Kama umemfundisha mtu kwa hatua hizi, vipimo vipo, muda wa ziada upo, na baada ya raundi tano au sita kosa lilelile linarudi, ongea na watu wa rasilimali watu, inawezekana yuko kwenye kazi isiyo yake au kuna jambo linamsumbua. Na kama hizo saa tatu usiku zimeshaanza kukunyima usingizi, moyo unaenda mbio, unalia au unafoka bila sababu, nenda kwa daktari wiki hii, ripoti itasubiri.

Kuhusu nani uanze naye, ningeanza na dada yuleyule. Ukimruka ukampa mwingine, umeshamtangaza. Mwite mkiwa wawili tu, uwe na ile ripoti yake mkononi, umwambie hivi au karibu na hivi: "Ile ripoti nilikupa vibaya. Kuna vitu navifanya bila kujua navifanya na sikukwambia, halafu nikairudia usiku bila kukurudishia. Alhamisi hii nitaifanya mbele yako, wewe andika kila unachoniona nafanya, hata kama ni cha kijinga." Halafu nyamaza umsikilize, maana inawezekana anajua tayari namba ilipopotea na hakuna aliyemuuliza.